Mto wa Majivu

Siku ya kwanza nilipowatoa nje watoto wote kwa pamoja, niliwapanga mstari mmoja. Walikuwa 46. Darasa la awali 17, la kwanza 12, la pili 9, la tatu 8, na mwalimu mmoja ambaye ni mimi. Nilikwaruza alama kwenye udongo, nikapuliza filimbi, nikamwambia wa mbele akimbie, aruke alama, arudi kusimama nyuma. Aliporudi, akaenda wa pili. Mimi nilisimama kando, filimbi mdomoni, nikijiona mwalimu wa michezo kamili.

Hazikuisha dakika tano. Nyuma ya mstari wawili walikuwa wanavutana mashati. Mtoto mmoja wa awali alishakaa chini anachimba mchanga kwa kidole. Wasichana watatu wa darasa la tatu walijitenga chini ya mti, wakaokota kokoto wakaanza mdako, na kusema kweli hao ndio pekee waliopata kipindi cha michezo siku ile.

Usiku nilipiga hesabu kwa taa ya chemli. Mtoto mmoja kukimbia, kuruka na kurudi hula kama sekunde 15. Kwa watoto 46 hizo ni sekunde 690, yaani dakika 11 na nusu ndipo zamu imrudie wa kwanza. Kipindi ni dakika 30. Ukitoa muda wa kutoka darasani, kujipanga na kunyamaza, zinabaki kama 22. Karibu kila mtoto anaruka mara mbili tu, wasio na bahati mara moja. Muda uliobaki wote anasimama juani akitazama kisogo cha mwenzake.

Shule yenyewe ilikuwa shikizi, mkoani Singida. Kwa asiyezijua, shule shikizi ni tawi dogo la shule ya msingi, linalofunguliwa kwenye kitongoji kilicho mbali ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi hadi shule mama. Wakifika darasa la tatu au la nne, miguu ikishakomaa, ndipo wanahamia huko. Zamani nyingi zilikuwa vibanda vya miti na nyasi vilivyojengwa na wazazi. Mwaka 2021 serikali ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na 3,000 kati ya hivyo vilikwenda kwenye shule shikizi. Majengo yakapendeza. Walimu ni hadithi nyingine, na mahali pengi utamkuta mmoja tu, mara nyingi wa kujitolea, amegawa ubao kwa chaki sehemu tatu huku awali wakiimba nje.

Kwenye Kusoma na Kuhesabu kugawa ubao kunawezekana. Unawapa la pili zoezi la kuandika, unawageukia la kwanza. Kipindi cha michezo kinakataa. Mtoto uliyempa zoezi la kuandika hukaa, ila uliyempa mpira huondoka nao.

Hata hivyo nilijaribu. Wiki ya pili nikagawa kiwanja pembe nne, kila darasa na pembe yake na kazi yake. Nilipokuwa na awali, la tatu waligombana kuhusu goli. Nilipokwenda kuamua ugomvi, awali walimfuata kuku wa jirani. Lakini kelele hazikuwa tatizo langu kubwa. Tatizo lilikuwa ndani ya pembe moja. Darasa la pili kulikuwa na mvulana wa miaka 11 aliyeanza shule akiwa amechelewa, kwa sababu alikuwa anachunga. Miguu yake ilikuwa imekwishakimbia nyuma ya ng'ombe miaka mitano. Kwenye pembe hiyohiyo alikuwepo msichana wa miaka saba aliyekuwa akiruka mguu mmoja baada ya mwingine, kama anayevuka dimbwi la maji machafu. Kazi ya darasa la pili ilikuwa mzaha kwa mmoja na mlima kwa mwingine. Nikaona kwamba darasa linaonyesha mtoto amefika wapi kwenye vitabu, na kuhusu miguu yake haliniambii kitu.

Wazo lililoniokoa si langu. Muska Mosston, mwalimu wa elimu ya viungo aliyefanya kazi Marekani na kuchapisha kitabu chake kikubwa cha ufundishaji mwaka 1966, alilieleza kwa kamba. Chukua kamba, shikilia ncha zote mbili usawa mmoja, waambie watoto waruke. Wote wakipita, ipandishe. Ukiipandisha, atakosa mmoja, atatoka. Ipandishe tena, watatoka watatu. Mwisho anabaki bingwa mmoja anaruka na wengine wote wamekaa wanamtazama, na ukiangalia vizuri, waliokaa mapema zaidi ni wale waliohitaji kuruka kuliko wote. Sasa chukua kamba hiyohiyo, ncha moja iweke chini, ncha nyingine ipandishe. Kamba imekaa mshazari. Waambie waruke popote wanapotaka. Hakuna anayetoka, kwa sababu kila mtoto kuna mahali pake kwenye ile kamba.

Nilisoma jambo hilo chuoni nikalijibu kwenye mtihani, kisha nikalisahau. Lilinirudia jioni moja nikiwa nimekaa na mama anayepika uji wa watoto, akiwa anamwaga majivu ya jikoni. Kamba ya shule tulikuwa nayo moja, na ilikuwa ya kisimani. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka mitano anaiogopa kamba iliyoinuliwa, na akiikwaa inamwangusha. Majivu hayamkwazi mtu.

Asubuhi nikachora mto. Ni mistari miwili tu juu ya ardhi, yenye urefu wa hatua zangu 16, ambazo ni kama mita 12. Mwanzoni mistari inakaribiana kiasi cha shubiri moja. Kutoka hapo inaachana polepole, na mwisho wa pili mto una upana wa mita moja na nusu. Upande mwembamba tuliuita chemchemi, upande mpana mdomo wa mto. Kila baada ya hatua mbili nilipigilia pembeni, mbali na njia ya kuruka, kijiti chenye namba, kuanzia 1 kwenye chemchemi hadi 8 mdomoni.

Majivu yana masharti yake. Yawe ya jana, yaliyopoa na kuchekechwa, kwa sababu kaa moja lililojificha ndani linaunguza mguu mtupu. Nilitumia kopo la maziwa nililolitoboa kitako kwa msumari, nikawa natembea nimeinama, kopo karibu na ardhi ili upepo usiyachukue. Kingo zote mbili za mto nililima kwa jembe kina cha kama sentimita kumi, upana wa hatua mbili, nikaondoa mawe na miiba ya mgunga. Udongo wa Singida wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, na mtoto anayetua juu yake mara kumi na tano atakwambia kesho yake kwamba magoti yanauma.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sitalisahau. Wiki ya kwanza majivu yalikwisha, nikaona nichore mistari yenyewe kwa jembe. Ikawa mifereji miwili midogo. Msichana wa la kwanza alitua, kisigino kikaingia kwenye mfereji, kifundo cha mguu kikapinda. Nilimlaza, nikampandishia mguu juu ya mfuko wa mchanga na kumfunga kitambaa cha maji baridi, kisha nikambeba kwa baiskeli hadi kwao. Baba yake hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani mto wako una shimo?" Alichechemea wiki nzima. Tangu siku hiyo mstari wangu ni wa kuonekana tu. Mguu haupaswi kuuhisi.

Sasa watoto 46 wanarukaje mto mmoja bila kugongana? Niliwagawa makundi manne, Swala, Twiga, Nyumbu na Mbuni, mawili ya watoto 12 na mawili ya 11, na kila kundi lilikuwa na watoto wa madarasa yote manne. Wote husimama ukingo mmoja, kundi nyuma ya kundi, wametawanyika urefu wote wa mto. Filimbi ya kwanza Swala wanaruka na kwenda moja kwa moja mbele hatua kumi, ndipo wanageuka. Filimbi ya pili Twiga, kisha Nyumbu, kisha Mbuni. Wote wakishavuka, wanarudi kwa mtindo huohuo. Hakuna anayekutana na mwenzake uso kwa uso. Kutoka filimbi hadi filimbi ni kama sekunde nane, kwa hiyo kila mtoto anaruka mara moja kila baada ya sekunde 32. Kwa dakika nane ni mara 15. Kumbuka ile hesabu ya mstari mmoja.

Hili la kuchanganya madarasa ndani ya kundi nililifanya kwanza kwa sababu za kawaida, wakubwa wawaangalie wadogo. Baadaye niligundua lina sababu nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria. Siku moja, kwa kutaka kujaribu, niliwarusha kwa madarasa. Awali wote 17 wakakimbilia chemchemi, wakasukumana kama mbuzi kwenye birika. Nusu ya mto ilikuwa tupu. Walipofuata la tatu, wote wanane walibanana mdomoni, na chemchemi ikawa tupu. Mto mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine unafanya kazi kwa sababu wanaouruka hawalingani. Watoto wa rika moja wangenilazimu kuchora mito mitatu. Siku zote nililalamika kwamba nina madarasa manne kwa mara moja, na kumbe kwenye kiwanja hiki hayo madarasa manne ndiyo yaliyonipa nafasi ya kutosha.

Amri ni moja, "Ruka, tua kimya." Lakini jicho la mwalimu linatafuta vitu vinne tofauti. Mtoto mdogo kabisa, ukimwambia aruke, havuki kwa kuruka. Anapiga hatua ndefu, mguu huku mguu kule, na mikono yake imekakamaa pembeni kama mabawa ya kifaranga. Huyo namtaka jambo moja tu, atue kwa miguu miwili. Akishaweza hilo, anatua magoti yamenyooka, pa! kama gunia la mahindi lililodondoshwa kutoka kwenye lori. Huyo namwambia akunje magoti. Akishakunja, utaona mikono bado haisaidii, inabaki nyuma au inapanda baada ya mwili kuondoka. Hapo kazi ni mikono, ianzie nyuma na irushwe mbele pamoja na mwili. Wanaoweza yote matatu wanatafuta namba mpya ya kijiti, na wanaanza kuwaona wenzao makosa.

Nilizoea kuyaita haya kwa neno moja moja. Nikipita nyuma ya ukingo nasema, "Miguu," au "Magoti," au "Mikono," na jina la mtoto. Sitoi hotuba. Mtoto wa miaka sita aliye tayari kuruka hasikilizi sentensi ya pili.

Na sikio lilinisaidia kuliko jicho. Watoto 12 wakitua pamoja huwezi kuwatazama wote, lakini unaweza kuwasikia. Kutua kuzuri hakuna sauti, ni kama mchanga uliomwagwa. Kutua kubaya kunagonga. Nikisikia mgongo mmoja mkubwa kutoka upande wa mdomo, najua kuna mtu amejipeleka mahali ambapo si pake, na filimbi inayofuata namtazama huyo.

Kwa maana hiyo ndiyo hatari ya uhuru wa kuchagua. Wiki mbili za mwanzo, wavulana wote kuanzia la kwanza walihamia mdomoni. Hakuna aliyewatuma, isipokuwa macho ya wenzao. Walikuwa wanaangukia mikono, wanatua ndani ya mto na kuapa kwamba wamevuka. Kuwafukuza kwa nguvu kungeharibu maana yote, kwa hiyo niliweka sharti. Huhami kijiti mpaka umetua kimya mara tatu kwenye kijiti ulicho nacho, na anayehukumu ni mwenzako wa kundi, si wewe. Mara moja mdomo ukapungua watu. Yule mvulana wa miaka 11, ambaye hapo awali alikuwa anaruka mita moja na nusu bila kufikiri, alijikuta amerudishwa kijiti cha 6 na msichana wa darasa la kwanza kwa sababu anatua kwa kishindo. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alijifunza kukunja magoti, jambo ambalo mwili wake wenye nguvu ulikuwa haujawahi kulihitaji.

Upande wa pili kuna wanaobaki chemchemi. Hao wanataka uangalifu zaidi, kwa sababu wanafanana kwa nje na hawafanani kwa ndani. Mmoja anabaki kwa uvivu, mwingine kwa hofu. Njia yangu ya kuwatofautisha ilikuwa kuangalia wanapotua. Mtoto anayetua futi nzima ng'ambo ya mstari ana uwezo uliobaki, kwa hiyo nilimsogeza kijiti kimoja kwa kumshika bega, kimya kimya. Anayetua kidole juu ya majivu yuko mahali pake, hata kama amekaa hapo mwezi mzima, na huyo nilimwacha. Tulikuwa na mtoto mmoja wa la kwanza ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Kwenye mstari wa siku ya kwanza alikuwa amekaa chini ya mti na hakuna aliyemuuliza. Kwenye mto aliruka chemchemi kwa mguu wa kulia, akiegemea fimbo, mara 15 kama wengine. Kabla ya likizo ya Juni alikuwa kijiti cha 2.

Ratiba nayo ilitaka ujanja. Kipindi cha awali ni dakika 20, cha la kwanza na la pili dakika 30, cha la tatu dakika 40. Ukiwa na mwalimu kwa kila darasa hilo halikusumbui. Ukiwa peke yako, inabidi uzigeuze dakika hizo ziwe ngazi. Tulianza wote pamoja. Dakika tano za kwanza ni kutembea mstari mpana kiwanja kizima tukiokota miiba na vigae, kazi ambayo awali waliifanya kwa bidii kuliko ukaguzi wowote. Dakika nne ni kupasha mwili moto, mchakamchaka kwenye miduara mitatu niliyoichora, mmoja ndani ya mwingine. Wadogo wanakimbia mduara wa ndani, wakubwa wa nje, na wote wanamaliza wimbo kwa wakati mmoja ingawa wa nje wamekimbia mara mbili ya wa ndani. Halafu dakika nane za mto. Dakika ya 20 awali wanakwenda kivulini kunywa maji, kwenye mti ulio ukingoni mwa kiwanja na si nyuma ya jengo, kwa kuwa mimi bado ndiye mwalimu wao. Wanabaki 29.

Hao walicheza rede. Msomaji aliyekulia Tanzania haitaji kuelezwa, lakini kwa wengine, ni hivi. Warushaji wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira kwa nia ya kuwapiga walio katikati. Aliye katikati ana chupa, na kazi yake ni kuijaza mchanga kwa viganja huku akiukwepa mpira. Akipigwa, anatoka.

Kwenye hilo neno la mwisho ndipo ile kamba iliyonyooka inaporudi. Rede ya mtaani inawatoa wanyonge kwanza. Mtoto wa la kwanza hupigwa sekunde ya kumi, kisha hukaa pembeni hadi mwisho. Kwa hiyo tulibadili. Aliyepigwa hatoki, anamwaga mchanga wote na kuanza upya. Adhabu inauma vilevile, pengine zaidi ukiwa umebakiza viganja viwili, lakini miguu haisimami. Na chupa zikawa mto wetu wa pili. Niliweka chupa za soda ndogo, za maji za nusu lita na za lita moja na nusu, kila mtoto achague. Ya lita moja na nusu ina heshima, ila inachukua mchanga mwingi na muda mrefu katikati ya hatari. Wadogo walianza kwa ndogo wakashinda, na wakubwa wakagundua kwamba heshima ina gharama yake. Sikuhitaji kumwambia mtu achague ipi.

Mipira tulitengeneza wenyewe. Watu wa rika langu tulikuwa tunafunga mpira kwa mifuko ya nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na kwa hakika sikuikosa sana, kwa sababu mpira wa nailoni ukikazwa vizuri unauma mbavu. Tulikata sponji ya godoro lililochakaa, tukaizungushia matambara, tukaivalisha soksi na kuishona mdomo. Ukiurusha kwa nguvu zote hauumizi. Warushaji nao walikuwa na mistari mitatu ya kuchagua. Mrushaji wa la tatu anasimama wa mbali, wa la kwanza wa karibu, na yule wa miaka 11 alirusha kwa mkono wa kushoto kwa makubaliano ya kundi lake, si kwa amri yangu.

Mimi nilisimama wapi? Swali hili linaonekana dogo. Mwalimu wa darasa moja husimama katikati ya watoto, anazunguka. Mwenye makundi manne akisimama katikati, siku zote makundi mawili yako nyuma yake. Nilisimama pembeni, mgongo ukielekea porini na uso kwa watoto wote, na niliposogea kumsahihisha mtoto nilisogea kwa kuzunguka ukingo wa nje. Inachosha. Mwalimu anatembea kuliko watoto. Lakini ajali zote mbili nilizowahi kuwa nazo, pamoja na ile ya kifundo, zilitokea nyuma ya mgongo wangu.

Kila kundi lilikuwa na kiongozi kutoka la tatu. Hapa panahitaji tahadhari, kwa sababu neno kiongozi shuleni kwetu linakuja na fimbo. Wiki ya tatu nilimkuta mmoja ameshika kijiti cha mwarobaini, anawapanga Nyumbu kwa kuwagonga vifundo. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa anaigiza alichokiona. Nilimnyang'anya kijiti nikampa kazi yenye mipaka, kuhesabu kwa sauti kabla ya filimbi na kuangalia kama kila mtu ana nafasi ya kunyoosha mikono. Basi. Ugumu mwingine unajificha. Kiongozi anayeongoza kila kipindi anawafundisha wenzake na yeye mwenyewe haruki. La tatu walikuwa wanane, makundi manne, kwa hiyo wawili wawili walipokezana kila wiki. Na zile dakika 10 za mwisho, wakati la kwanza na la pili wameshaungana na awali kivulini, zilikuwa zao peke yao. Walipima kwa futi kamba upana wa mto kwenye kila kijiti, waliandika namba ya kila mwenzao kwenye daftari, na waliruka mdomoni bila kutazamwa na wadogo, jambo ambalo kwao lilikuwa na thamani kuliko nilivyodhani.

Daftari hilo ndilo nililomwonyesha afisa elimu kata alipokuja. Alitaka maandalio manne ya somo, moja kwa kila darasa. Nilikuwa na moja lenye safu nne, amri moja juu na lengo tofauti chini ya kila darasa. Alilisoma kwa muda, akauliza namba 4 mbele ya jina la mtoto maana yake nini. Nikamwambia ni kijiti. Akataka kukiona. Alivua viatu, afisa mwenyewe, akaruka kijiti cha 5, akatua kwa kishindo. "Magoti!" wakapaza sauti awali kutoka kivulini.

Mto una mipaka yake. Unafundisha kuruka na kutua, na ukisimamisha watoto wawili wawili kila ukingo unaweza kufundisha kurusha na kudaka kwa umbali wa kuchagua. Kuogelea haufundishi, wala kucheza kwa timu, na mtoto wa la tatu anayehitaji kujua nafasi yake kwenye mpira wa miguu atalipata hilo shule mama akienda. Masika majivu yanageuka tope, kingo zinateleza, na wiki tatu nzima nilirudi kwenye michezo ya ndani. Baada ya saa nne asubuhi kiangazi hakuna haja ya kujaribu. Watoto wengi walitoka kwao bila kula, na kabla ya uji hawana cha kurukia. Nilihamisha kipindi kikawa saa tatu na nusu, mara tu baada ya uji kushuka kidogo, na siku ambazo uji haukuwepo tulifanya dakika nane za mto tu tukaingia ndani.

Baada ya mvua za Aprili nilirudi kutoka mjini Jumatatu, nikakuta mto umechorwa tayari. Si wangu. Wangu ulifutika. Huu ulichorwa kwa kijiti, kidogo tu juu ya udongo, mguu hauuhisi, na ulikuwa na chemchemi mbili, moja kila mwisho, ukipanuka katikati. Kwa hiyo wadogo walikuwa pande mbili badala ya kubanana upande mmoja, jambo ambalo halikunijia akilini mwaka mzima. Katikati, mahali papana, mtu aliweka jiwe jeusi lenye ukubwa wa kichwa. Nikauliza ni la nini.

"Mamba, Mwalimu."

Nilipima upana hapo kwa hatua. Ulizidi wangu kwa futi moja. Nikaliondoa jiwe, nikaweka rundo la nyasi mahali pake, tukaanza kuokota miiba.